Bega bandia la kugeuzwa: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Nina miaka 73, nilikuwa fundi cherehani. Kwa miaka miwili mkono wangu wa kulia uligoma kupanda. Nikitaka kufunga mtandio nilikuwa nauinua kwa mkono wa kushoto, na nikiuachia unaanguka puu. Eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa mkono kimepanda mpaka kinasugua paa la bega. Kano zinazokibana kikae mahali pake zilikuwa zimekatika zamani, na gegedu imelika.

Niliomba bega bandia la kawaida, daktari akakataa. "Mama, hakuna kano ya kulishika. Litayumba mpaka kikombe chake kwenye kombe la bega kilegee."

Akanichorea la kugeuzwa, ambalo Mfaransa Paul Grammont alianza kulibuni miaka ya 1980. Tufe linafungwa kwa skrubu kwenye kombe la bega, na kikombe kinakaa juu ya mfupa wa mkono, kinyume na tulivyoumbwa. Hapo kitovu cha mzunguko kinasogea ndani na chini. Deltoidi, ule msuli mnene unaofunika bega, unavutika na kupata wenzo mrefu, unauinua mkono bila zile kano. Ndiyo maana daktari alinisukumisha mkono dhidi ya kiganja chake huku akiupapasa msuli: deltoidi au neva yake ikiwa imekufa, upasuaji huu haufai.

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji nilikatazwa kujiinua kitini kwa kusukuma na mkono ulio nyuma, maana hapo ndipo kikombe huweza kuchomoka kwenye tufe. Mwezi wa nne tangu upasuaji niliweka sufuria kabati la juu, nikacheka peke yangu. Kufunga sidiria kwa nyuma, sahau.

Mwezi wa tano nikaanza kusikia maumivu ya kuchoma juu kabisa ya bega, na ukipagusa kwa kidole kimoja naruka. Kliniki moja wakaniambia ni uchovu wa mazoezi, eksirei haina kitu. Wiki tatu nikaendelea kuinua mkono. Siti skani ndiyo iliyoonyesha ufa kwenye paa la bega. Deltoidi huanzia hapo, na sasa inavuta kuliko zamani, tena kwenye mifupa yangu iliyopungua uzito. Nilivaa slingi yenye mto ubavuni wiki sita.

Ufa umeunga, ila mkono unafika usawa wa paji la uso tu, wakati kabla ya ufa ulipita kichwa. Eksirei ya mwaka imeonyesha pia ukingo wa chini wa kombe la bega umelika kidogo, pale kikombe kinapougusa mkono ukishuka. Hapaniumi, wanapaangalia tu.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema kwamba maumivu mapya juu ya bega, hata eksirei ikiwa safi, ni ya kusimamisha mazoezi siku hiyohiyo. Mtandio nafunga mwenyewe.