RTX 4060 yangu na ya binamu: jina moja, wati mbalimbali

Mwezi wa tatu nilinunua laptopu ya gemu kwenye duka moja Mombasa. Nilichoangalia ni kibandiko cha RTX 4060, chipu ya michoro ya Nvidia. Binamu yangu wa Malindi anayo ya kampuni hiyo hiyo, jina lile lile ila herufi ya mwisho tu, na yake ina kasi. Nilipofika kwake tukaziweka meza moja, zote kwenye umeme, gemu moja ya mbio za magari, mipangilio sawasawa. Yake ilitoa fremu 92 kwa sekunde, yangu 74. Iliniuma sana, maana bei hazikupishana kitu.

Nikasema ni joto tu, kwa sababu hapa kwetu kabla ya masika hata usiku hakupoi. Nikanunua kibao chenye feni cha kuiwekea chini. Fremu zikabaki zile zile. Ndipo tukaandika amri hii kwenye mashine zote mbili, gemu ikiendelea:

```
nvidia-smi -l 1
```

Kila sekunde inaonyesha joto la chipu na wati inazokula. Yake ilikuwa inakula wati 125 hivi kwa nyuzi 80. Yangu ilifika wati 75 ikagoma hapo, na joto lake nyuzi 70 tu. Chipu inayobanwa na joto huwa imekaribia nyuzi 87, na wati zake hushuka kadiri inavyochemka. Yangu haikuwa na shida hiyo. Aliyeitengeneza laptopu ndiye aliyeifunga chipu kwenye wati hizo, kwa sababu mwili wa laptopu ni mwembamba na mabomba yake ya kupozea hayawezi kutoa joto zaidi ya hilo. Kibao cha feni hakiwezi kufungua kikomo kama hicho.

Nvidia huwaachia watengenezaji waiwekee RTX 4060 ya laptopu kikomo popote kati ya wati 35 na 115, na mashine nyingine hupata nyongeza ya hadi 25. Jina halibadiliki. Zamani neno Max-Q kwenye jina lilikuonya kwamba chipu imepunguzwa nguvu, lakini tangu RTX 30 za mwaka 2021 halitegemewi tena.

Laiti ningeitazama chaja! Yangu imeandikwa 20V, 7.5A, yaani wati 150 kwa mashine nzima: chipu, prosesa na skrini. Ya binamu ni 20V, 11.5A, wati 230, nzito kama tofali. Hilo unalisoma dukani hata kabla ya kuiwasha. Ikishawashwa, fungua NVIDIA Control Panel, kisha System Information, usome mstari wa Maximum Graphics Power.

Duka lilikataa kunibadilishia. Kwa haki, ni kimya kuliko ya binamu na ni nyepesi kubeba kwenye tuktuk. Nimeifungia fremu 60 na inazishika bila kutetereka, ila kwa bei ile ningechukua ile nene.