Uzoefu wangu: mtaji mmoja ndani ya akaunti tatu za kubashiri

Kwa muda wa miezi mitano, kuanzia Julai 2025, nilitumia akaunti tatu za kubashiri mpira hapa Kenya, zote kwa jina langu na laini yangu moja ya M-Pesa. Nitaziita kampuni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sikufungua tatu kwa ajili ya bonasi, bali kwa sababu odi za mechi moja hutofautiana. Timu ambayo kampuni moja inaipa 2.05, nyingine huweza kuipa 2.15 saa hiyohiyo, na anayeweka dau mahali palipo na odi bora kila mara hupunguza ile faida ambayo kampuni imejikatia mapema ndani ya bei zake.

Nilianza na shilingi 60,000, ambazo sikuzigawa sawasawa. Kampuni ya kwanza, ambayo kwa uchunguzi wangu wa majuma kadhaa ndiyo iliyoongoza kwa odi mara nyingi zaidi, niliipa 30,000, ya pili 20,000, na ya tatu 10,000. Kila moja ilikata asilimia 5 ya ushuru mara tu pesa zilipoingia, kwa hiyo jumla niliyoiona kwenye skrini tatu ilikuwa 57,000. Hata hizo hazikuwa 57,000 kamili, kwa kuwa siku ya kuzitoa hukatwa asilimia 5 nyingine, hata kama ni mtaji wangu mwenyewe unaorudi bila kushinda chochote. Tangu siku ya kwanza, basi, daftarini niliandika 54,150, ambayo ndiyo thamani ya pesa hizo zikifika mfukoni, na dau langu la kawaida, yaani takriban asilimia 2 ya kiasi hicho, likawa shilingi 1,100.

Makato hayo yamebadilisha kabisa namna ya kuishi na akaunti nyingi. Kabla ya tarehe 1 Julai 2025 ushuru ulikatwa kwenye dau, na kodi ya asilimia 20 ikakatwa kwenye ushindi, hivyo kuhamisha salio kutoka kampuni moja kwenda nyingine kuligharimu ada za M-Pesa tu. Sasa mlango wa kuingilia una tozo na wa kutokea una tozo, na anayehamisha pesa hupita katika milango yote miwili.

Niligundua uzito wake katika wiki ya sita. Kampuni ya kwanza ilikuwa imenona baada ya ushindi kadhaa, ilhali salio la ya pili lilikuwa limeshuka hadi shilingi 640, pungufu ya dau moja. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kutoa 12,000 kule na kuziweka huku, lakini kabla ya kubonyeza chochote nilipiga hesabu. Katika 12,000, zingefika M-Pesa 11,400. Nikiziweka zote katika kampuni ya pili, ningebaki na 10,830 za kuchezea. Shilingi 1,170 zingepotea njiani, zaidi ya dau langu zima, na hapo sijahesabu ada za kutuma. Kwa upande wa pili wa mizani, tofauti ya odi 2.05 na 2.15 kwa dau la 1,100 ni shilingi 110, tena nikishinda tu. Ningehitaji beti kumi na moja za ushindi zenye tofauti kubwa kama hiyo ili kurudisha gharama ya uhamisho mmoja. Niliacha.

Badala yake nilijiwekea utaratibu ambao ningali naufuata. Siitoi pesa kamwe kwa nia ya kuiweka kwingine. Pesa mpya ninayotenga kila mwezi, ambayo ingekatwa ushuru popote nitakapoiweka, huielekeza kwenye akaunti iliyokauka, na ninapohitaji pesa za matumizi huzitoa kwenye akaunti iliyonona. Kwa njia hiyo akaunti husawazika polepole bila kulipa tozo ya ziada. Katikati ya mwezi, odi bora ikiwa katika kampuni isiyo na salio la kutosha, hugawanya dau. Zile 640, kwa mfano, niliziweka zote kwenye kampuni ya pili kwa odi 2.15, na 460 zilizobaki nikaziweka kwenye ya kwanza kwa 2.05. Ni bora kuliko kuliacha salio dogo lilale, na ni bora mno kuliko lile ambalo wengi wetu hulifanya na chenji, yaani kuitupia mkeka wa timu kumi ili akaunti isomeke sifuri na roho itulie.

Suala la kutoa pesa ndilo lililoitofautisha kampuni moja na nyingine. Ya kwanza ilituma ndani ya dakika chache kila mara. Ya tatu ilikuwa na kikomo cha kila muamala na cha kila siku, vyote viwili vimeandikwa ndani kabisa ya masharti, na ilisubiri hadi nilipoomba 18,000 kwa mara ya kwanza ndipo ikataka picha ya kitambulisho. Majina yangu katika akaunti yalikuwa mawili, ya kitambulisho matatu, na kwa siku nne ombi likabaki limeandikwa "Pending". Katika siku hizo kulikuwa na kitufe cha kulifuta ombi na kurudisha pesa kwenye salio, na Jumamosi mchana, mechi zikiwa zinaanza, kitufe hicho hakikukaa mbali na kidole changu. Tangu hapo, kwa kampuni yoyote mpya, hutuma kitambulisho siku ya kufungua akaunti, kisha baada ya wiki moja hutoa kiasi kidogo kwa makusudi. Makato ya asilimia 5 ya shilingi 500 ni 25, na sioni bei nafuu kuliko hiyo ya kujua kama mlango wa kutokea unafunguka. M-Pesa nayo ina vikomo vyake, 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa salio la laini, ila kwa mtaji wa ukubwa wangu sijawahi kuvikaribia.

Daftari langu lina safu tatu kwa kila kampuni, nazo ni salio, pesa zilizo ndani ya beti ambazo hazijaamuliwa, na pesa zilizo njiani. Safu ya tatu niliiongeza baada ya kisa cha "Pending", kwa kuwa nilikuwa nimejiona maskini kwa siku nne na kupunguza dau bila sababu, ilhali 17,100 zilikuwa zangu zinakuja.

Kufikia mwisho wa Novemba thamani ya vyote, baada ya kuondoa pesa mpya nilizoongeza na kurudisha nilizotoa, ilikuwa 51,300, kwa hiyo nimepoteza. Makato ya kuingia na kutoka yalichukua sehemu kubwa kuliko ubashiri wenyewe. Ya kwanza na ya pili nimebaki nazo. Ya tatu niliitoa pesa zote Desemba, isipokuwa shilingi 38, ambazo ziko chini ya kiwango chake cha chini cha kutoa, na hadi leo nikiingia nazikuta palepale.