Waya wa OTG: kabla ya kuutupa, jaribu kibodi

Nimetumia waya wa OTG, ule unaounganisha simu na flashi, kibodi au kamera, kwa miaka kadhaa, na waya wangu wa kwanza karibu niutupe bila kosa lake. Nilichomeka flashi kwenye simu, simu ikakaa kimya. Sikuona ujumbe wala ikoni. Nikadhani nimeuziwa waya mbovu.

Kilichoniokoa ni kibodi ya kawaida ya kompyuta. Niliichomeka kwenye waya uleule, nikabonyeza Caps Lock, taa yake ikawaka, na herufi zikaingia kwenye ujumbe niliokuwa naandika. Hapo nikajua waya ni mzima na simu inakubali OTG. Kibodi haina mafaili ya kusomwa, kwa hiyo ikifanya kazi huku flashi ikigoma, mtuhumiwa ni flashi. Yangu ilikuwa imefomatiwa NTFS, mfumo ambao simu nyingi za Android hazisomi. Nilihamishia mafaili kwenye kompyuta kwanza, maana kufomati hufuta kila kitu, kisha nikaifomati FAT32. Tangu siku hiyo inafunguka. Kasoro ya FAT32 ni kwamba haipokei faili moja linalofikia GB 4, na video ndefu hufika huko upesi.

Kibodi nayo ikikataa, tafuta kwanza neno OTG kwenye mipangilio. Simu yangu ya pili ina swichi yake humo, na hujizima yenyewe baada ya dakika kumi bila kutumika. Ilinisumbua sana kabla sijaigundua, kwa sababu jana flashi ilisoma na leo haisomi.

Kama swichi haipo, azima waya mwingine. Kwenye tundu la maikro USB kuna pini tano, na ya nne, iitwayo ID, ndiyo inayoiambia simu ishike nafasi ya kompyuta na kutoa umeme. Ndani ya waya wa OTG pini hiyo huunganishwa na ya tano, ya ardhi. Waya unaofanana nao kwa nje lakini hauna muunganisho huo hautafanya kazi, hata uwe mpya. Nyaya mbili nzima zikishindwa kwenye simu moja, basi huenda simu yenyewe haikuwekewa uwezo huo, na sijaona programu ya kupakua inayouongeza.

Diski kubwa ya nje ni jambo jingine: taa inawaka, inazima, inawaka tena. Simu haitoi umeme wa kuitosha. Mimi huiunganisha kupitia habu ya USB yenye chaji yake.

Kamera ndiyo iliyonipa raha zaidi, kwani hutumia betri yake yenyewe. Yangu ilikataa mpaka nilipoibadilisha kwenye menyu yake iwe PTP, njia ya kuhamisha picha, na picha zikaonekana papo hapo.