Krita kwa kugeuza picha ya kichochoro kuwa mchoro wa mistari: uzoefu wangu

Krita ni programu ya bure ya kuchora kwenye kompyuta. Kwa kazi hii moja, yaani kuchukua picha ya mtaa na kutoa mchoro wa majengo wenye mistari na michirizi ya kivuli, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotelea kwenye michirizi, nami nitafika huko. Mfano ninaoutumia ni picha ya simu ya kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar: kuta ndefu pande zote mbili, baraza za mawe chini, mlango wa nakshi upande wa kushoto, na kichochoro chenyewe kinapinda kabla hujaona mwisho wake. Turubai ni A4 ya 300 dpi, pikseli 2480 kwa 3508.

Kwanza niwaondolee tamaa wanaotafuta kitufe kimoja. Kipo, `Filter > Edge Detection`, na kwa kuta hizi hakifai. Kichujio hakijui kona ya nyumba ni nini. Kinatafuta tu mahali ambapo weusi na weupe vinabadilika ghafla. Ukuta wa chokaa uliobanduka una mabadiliko ya aina hiyo kila mahali, kwa hiyo madoa yanapata mistari mizito, huku kona ambapo kuta mbili zenye mwanga sawa zinakutana ikitoweka kabisa. Waya mmoja wa umeme unatoka mistari miwili, mmoja kila upande wake. Kufuta takataka hizo kunachukua muda mrefu kuliko kuchora juu ya picha kwa mkono, na kuchora kwa mkono ndiko Krita inakokuweza.

Kabla ya mstari wa kwanza, nyoosha picha. Katika kichochoro chembamba karibu kila mtu huinua simu ili apate ghorofa za juu, na matokeo yake kuta zinaegemeana huko juu. Bonyeza `Ctrl+T`, chagua `Perspective`, kisha vuta kona mbili za juu kwenda nje mpaka wima uwe wima. Hapa Mji Mkongwe una mtego wake: kuta nyingi zimeinama kweli. Ukinyoosha kwa kufuata ukuta mmoja ulioinama, unazipindisha kuta zote zilizobaki. Chukua fremu za milango na madirisha ya pande zote mbili na ufuate wastani wake. Ukuta ulioinama kweli utabaki umeinama kidogo, na uuache hivyo. Kumbuka pia kwamba kuvuta kona kunakula kingo za picha, hivyo inayokufaa ni picha iliyoachiwa nafasi pembeni.

Sasa shusha mwonekano wa tabaka la picha hadi asilimia 40, lifunge, na fungua tabaka jipya la mistari. Fungua `Assistant Tool` na uchague `Vanishing Point`. Hiki ndicho kifaa kinachonifanya nibaki na programu hii: unaweka nukta pale mistari ya mtaa inapokutania, na ukiwasha `Snap to Assistants` kwenye brashi, kila mstari unaovuta unaelekea kwenye nukta hiyo. Kuipata, fuata ukingo wa baraza ya kushoto, ukingo wa baraza ya kulia, na mstari wa vizingiti vya madirisha ya juu. Baraza zinaaminika kuliko paa, kwa kuwa mabati huwa na miteremko yake na nyumba hazilingani urefu.

Kwenye picha hii mistari mitatu ya karibu inakutana vizuri, lakini nyumba za baada ya pinda zinaelekea kwingine, kushoto zaidi. Wengi wanadhani wamekosea na kuanza kulazimisha kila kitu kwenye nukta moja, halafu mtaa unakuwa bomba lililonyooka. Mtaa unaopinda una nukta zaidi ya moja. Kinachotakiwa ni kwamba zote zikae kwenye kimo kimoja, yaani mstari wa macho ya mpigapicha, maadamu ardhi ni tambarare. Hiki ndicho kipimo changu: nukta ya pili ikiwa pembeni ya ya kwanza, sawa, ikiwa juu au chini yake, ama mtaa una mteremko, ama picha haijanyooka na unatakiwa kurudi kwenye `Ctrl+T`. Kama kuna watu wazima wamesimama kwenye picha iliyopigwa kwa kimo cha macho, vichwa vyao vyote, wa karibu na wa mbali, vitakuwa karibu na mstari huo huo.

Kurahisisha maana yake ni kuishia kwenye nukta mbili. Nyumba ya tatu, iliyopotoka kidogo, iunganishe na nukta iliyo karibu nayo zaidi, jicho halitalalamika. Ukiwa na nukta mbili, washa `Snap Single`, la sivyo mstari unaanza kwa nukta moja na kurukia nyingine katikati ya safari. Wima haushughulikiwi na kifaa hiki. Weka `Parallel Ruler` moja iliyosimama. Brashi ninayotumia ni `Ink-2 Fineliner`: pikseli 7 kwa kingo za karibu, 5 kwa katikati, 3 kwa nakshi na kila kilicho baada ya pinda. Nakshi za mlango usizichore zote. Chora fremu, mstari wa katikati na safu moja ya misumari ya shaba. Zilizobaki zitaonekana zenyewe. Waya acha mmoja au miwili, ile tu inayovuka kichochoro.

Kuhusu michirizi, Krita ina injini ya brashi iitwayo `Hatching`, unayoirekebisha kwa `F5`. Uzuri wake ni kwamba mistari imeshikizwa kwenye turubai, kwa hiyo ukirudia kupaka juu ya ukuta ule ule, michirizi inaangukia ile ile bila kuharibika. Ubaya wake ni huo huo: haijui umbali. Ukuta wa karibu na ukuta wa baada ya pinda vinapata nafasi sawa kati ya mistari, na mchoro wote unakuwa kama kitambaa kimoja kilichotandazwa. Dawa ni kutengeneza brashi mbili. Ya karibu iwe na `Separation` 14 na `Thickness` 3. Ya mbali 9 na 2. Ukigawanya, 3 kwa 14 na 2 kwa 9 ni karibu asilimia 21 na 22 za wino, hivyo kivuli kina weusi ule ule ingawa mistari imesogeana.

Upande wa kivuli upe michirizi ya mwelekeo mmoja tu. Michirizi ya kukatana iweke ndani ya milango iliyo wazi, chini ya roshani na pembeni mwa baraza, kwingine usiiguse. Upande wa jua uache mweupe. Kivuli kinachoangukia ardhini hakihitaji mstari wa kukizunguka. Michirizi ya kulala iishie yenyewe. Kwa ardhi mimi huzima injini na kuchora kwa mkono, maana mistari iliyonyooka mno inafanya sakafu ionekane imetiwa vigae.

Ukihifadhi, chagua PNG. JPEG inaweka ukungu wa kijivu kuzunguka kila mstari mwembamba. Ukipunguza kwa ajili ya simu, punguza nusu kamili, 1240 kwa 1754. Vipimo vingine huweza kuleta mawimbi kwenye michirizi, na yakitokea, ongeza nafasi kati ya mistari kwenye faili kubwa kisha punguza upya.