Tiketi mbili za Maskati, dola 640 kila moja, na kwa nini moja ilinigharimu shilingi 3,800 zaidi

Nawaandikia hii nikiwa na stetimenti ya benki mkononi, maanake nimeipiga hesabu mara tatu. Mwezi uliopita nilibuki tiketi ya mamangu Mombasa kwenda Maskati, anaenda kumuona dadangu alojifungua, halafu baada ya siku sita nikabuki yangu pia kwa sababu alikataa kata kata kusafiri peke yake. Ndege ile ile, saiti ile ile, kadi yangu ile ile ya debit ya Visa ya akaunti ya shilingi, na bei haikupanda, dola 640 zote mbili. Lakini yake imekula 88,822 na yangu 85,017.

Ya mama nilibuki usiku, nyumbani Tudor, yeye mwenyewe amekaa pembeni. Tangu natafuta ndege mpaka najaza jina na pasipoti bei ilikuwa inaonyesha USD. Nilipomaliza tu kuandika namba ya kadi, pakatokea kiboksi kinaniuliza nalipa kwa USD 640 ama KES 86,656, na shilingi ishatiwa tiki tayari, na chini maandishi madogo ya reti 135.40. Mama akauliza ni pesa ngapi za kwetu, nkamwambia elfu themanini na sita na kitu, akasema haya lipa, tunaijua hesabu yetu. Nkalipa, mesiji ya benki ikaja 86,656 kamili nkaona mambo sawa.

Baada ya siku mbili pakakatwa shilingi 2,166.40 nyingine, peke yake, bila maelezo ya maana.

Nilienda tawini, pale Digo Road, na nashukuru dada alonihudumia alinieleza vizuri bila haraka. Alisema hapo kuna makato mawili yasohusiana. La kwanza ni lile la kiboksi, wao benki wanaliita DCC: anayebadilisha dola kuwa shilingi si benki yangu wala si Visa, ni kampuni inayopokea malipo ya wale wauza tiketi, na reti wanapanga wao na faida yao wameshaitia ndani. Siku zile reti ya Visa ilikuwa inacheza 129 na senti, wao wakanipa 135.40, hiyo ni zaidi ya asilimia 4 juu. La pili ni ada ya benki yangu ya muamala wa nje, asilimia 2.5. Nkamuuliza nje vipi na nimelipa kwa shilingi? Akanambia benki yetu haiangalii sarafu peke yake, inaangalia pia muuzaji kasajiliwa nchi gani, na huyu si wa Kenya. Kwa hivyo nilikwepa kubadilisha dola na ada ya kubadilisha nkailipa vile vile. Alinambia pia si benki zote ziko hivyo, kuna zinazokata pale sarafu ikiwa ngeni tu, ndo maana muulize wa kwako kabla, swali lenyewe ni hili: nikilipa kwa shilingi kwa muuzaji wa nje mnanikata ama hamnikati?

Kudai pesa irudi hakukuwezekana, maana reti ilionyeshwa kwenye skrini na mimi mwenyewe nimebonyeza kukubali.

Basi yangu nilipobuki nkafika pale pale, nkatoa tiki kwenye KES nkaweka USD. Hapa pana kitu kinawatia watu wasiwasi, kwenye kiboksi ukichagua dola hawakwambii itakuwa shilingi ngapi, unabonyeza hujui. Mesiji ilikuja 85,148.80, lakini hiyo ni pesa iliyoshikiliwa tu, muamala wenyewe uliingia rasmi baada ya siku tatu kwa reti ya 129.60, ikawa 82,944, jumlisha asilimia 2.5 ambayo ni 2,073.60, jumla 85,017.60. Ingeweza pia kupanda kidogo badala ya kushuka, kwa hivyo acha elfu moja mbili za ziada kwenye akaunti, usiiache kavu.

Ukitaka kujua kabla hujabonyeza, chukua ile KES wanayokupa uigawanye kwa ile USD. Ya mama: 86,656 gawa kwa 640, unapata 135.40. Halafu fungua kikokotoo cha reti kwenye saiti ya Visa (Mastercard nao wanacho chao), kina mahali pa kujaza asilimia ya benki yako, kikupe jibu la shilingi. Linganisha jibu hilo na ile KES ya kwenye kiboksi, na kama benki yako inakata ada hata ukilipa kwa shilingi, ijumlishe kwenye hiyo KES kwanza. Na dalili kubwa ya DCC ni wakati inapotokea: bei ilikuwa dola muda wote, ikageuka shilingi baada ya kuandika namba ya kadi. Namba za mwanzo za kadi ndo zinawaonyesha benki iliyoitoa na nchi yake. Lakini kama saiti imeonyesha shilingi tangu unatafuta ndege, hiyo ni bei ya shirika lenyewe, hapo badilisha sarafu juu ya ukurasa uone dola ni ngapi, upige hesabu ile ile.

Shemeji yangu yeye ana akaunti ya dola na kadi yake, alinambia angelipa 640 ikatoka 640. Kweli, kama dola unazo tayari, mfano unalipwa kwa dola. Kama itabidi kwanza uzinunue benki kwa shilingi, basi ile reti ya kuuzia ndo gharama yako, iingize kwenye hesabu. Na mwenye kadi ya dola akiacha tiki kwenye KES ndo anaumia zaidi, dola inageuzwa shilingi halafu benki inaigeuza tena dola.

Kuna la rifandi pia, hili limempata binamu yangu wa Kisauni na bado linamuuma. Alinunua tiketi ya dola 300 Januari 2024, wakati dola iko karibu 160, akatoa kama 48,000. Safari ikafa, shirika likamrudishia Aprili, dola zake 300 zote bila kukata hata senti, lakini shilingi ilikuwa imepata nguvu na dola iko karibu 130. Akaona 39,000 kwenye akaunti. Alienda kugombana na benki akidhani ameibiwa, kumbe rifandi inabadilishwa kwa reti ya siku inaporudi, si ya siku uliyolipa, na ada ya benki yake ya mwanzo haikurudi. Ingekuwa shilingi imeshuka angepata zaidi, lakini hilo huwezi kulipangia. Mimi sasa tiketi ambayo sina uhakika nayo naangalia kwanza kama wanaruhusu kusogeza tarehe, maana hapo dola zinabaki kule kule na hakuna kugeuzwa mara mbili.

Kadi yenyewe sina malalamiko, OTP ilikuja haraka na malipo yalipita mara ya kwanza, ila lazima uwashe malipo ya onlaini ya nje kwenye app ya benki na upandishe limiti ya siku, yangu ilikuwa 50,000 na isingetosha. Tiketi ya kurudi ya mama tunabuki wiki ijayo, na safari hii ni USD.