Tuisheni ya likizo Mwanjelwa: mwanangu alifutiwa maneno yote

Hasira bado ninayo. Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu wa darasa la saba kwenye tuisheni moja hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Waliahidi kumfundisha kuchora ramani ya dhana, yaani sura nzima ya kitabu ikae kwenye ukurasa mmoja. Walianza na sura ya mzunguko wa damu.

Siku ya kwanza siwezi kuwanyima haki yao. Waliandika swali juu ya karatasi, "Damu huzungukaje mwilini?", wakachagua kwenye sura maneno 15 tu, kila neno na kikaratasi chake. Wakayapanga mezani, yenye maana pana juu, madogo chini, wakihamisha hadi wakaridhika. Nilifurahi kweli.

Kesho yake ikawa zamu ya mistari ya kuunganisha vikaratasi. Binti yangu aliandika maneno juu ya kila mstari: moyo – husukuma – damu, kapilari – huunganisha ateri na – vena. Nimemzoesha kusoma neno, mstari, neno. Isipopatikana sentensi, mstari huo haujasema kitu. Mwalimu akachukua ufutio akafuta yote, eti maneno yanachafua mchoro. Nikaenda kumwuliza. Nilimsalimia vizuri tu. Hata macho hakuinua: "Mama, kwani mwalimu hapa ni nani?"

Basi nikakaa na mtoto nyumbani na karatasi yao. Kulikuwa na mstari mtupu kati ya ateri na oksijeni. Nikamwuliza, huu unasemaje? Akasema ateri zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi. Si kweli! Ateri ya mapafu hutoka moyoni kwenda mapafuni, na damu yake ina oksijeni kidogo. Mwalimu angemwacha aandike, kosa hilo lingeonekana palepale. Mstari mtupu ulilificha, na mchoro ukapata tiki.

Tukachora upya. Ateri – hutoa damu kutoka kwenye – moyo. Vena – hurudisha damu kwenye – moyo. Ateri ya mapafu tukaipa kikaratasi chake chini ya ateri: hupeleka damu kwenye – mapafu. Halafu tukavuta mstari mrefu kukatiza karatasi: mapafu – huongeza oksijeni kwenye – damu. Huo mmoja ulitugharimu karibu saa nzima, kwa sababu mwanzoni aliandika "huhusiana na", na neno hilo unaweza kulibandika popote pale, hata kati ya moyo na kitanda.

Nilitaka kusema mpelekeni mtoto siku ile ya kwanza, kwani ile ya vikaratasi ilikuwa nzuri, na hata sasa tunaitumia. Lakini hela wanachukua ya wiki nzima, na nilipoomba ya siku zilizobaki nikaambiwa haitoki. Hapana, msimpeleke. Vikaratasi mtakata wenyewe nyumbani.