Uzoefu wangu: nililipa niandikiwe maswali na majibu ya atelie yangu ya kushona, Katuba

Nina mashini tatu na wasichana wawili wanaonisaidia hapa Katuba, Lubumbashi. Mwezi wa Februari ndio unaotuchosha kuliko yote, kwa sababu kila chama cha akina mama kinataka kitenge chake kiwe kimeshonwa kabla ya tarehe 8 Machi. Mwaka jana nilikuwa naweka mkasi chini kila baada ya dakika chache kujibu simu, na karibu kila mara swali lilikuwa lile lile: "Yaya, kitenge moja inatosha robe?" Kuna siku nilikata mkono wa gauni mara mbili upande mmoja, kwa sababu nilijibu ujumbe katikati ya kazi nikasahau nilipofikia.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu huandikia wafanyabiashara wadogo maneno ya matangazo. Nilimlipa dola 15 aniandikie maswali na majibu ya kutuma kwa WhatsApp na ya kubandika mlangoni. Naandika haya baada ya kuyatumia msimu mzima, kwa faida ya mafundi wenzangu wanaofikiria kulipia kazi kama hiyo.

Alianza vizuri. Hakuniuliza wateja huuliza nini. Aliomba nimfungulie simu, akasoma ujumbe wa wiki mbili na kupiga mistari kwenye daftari. Mimi ningeapa kwamba swali la kwanza ni bei, kumbe bei ilikuwa ya tatu. La kwanza lilikuwa kitenge kutosha, la pili "nguo yangu iko tayari?" Maswali yenyewe aliyaacha kama wateja wanavyoyasema. Hilo nalisifu sana, kwa maana mteja akiona "kiasi cha kitambaa kinachohitajika" hajui kwamba ndilo swali lake. Akiona "Kitenge moja inatosha robe?" anasimama kusoma.

Kasoro ilikuwa kwenye majibu. La kitenge aliliandika hivi: "Ndiyo, kitenge kimoja kinatosha gauni moja." Nikalipitisha bila kufikiri, kwa kuwa mdomoni nami huwa nasema hivyo hivyo. Wiki ya pili akaja mama mmoja na kitenge chake cha yadi 2 na jibu letu kwenye simu. Nilipompima makalio nilipata sentimita 112, nikajua pale pale kwamba hakitoshi.

Nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo jibu zima linaposimama au kuanguka. Kitenge kizima kina yadi 6, nacho huuzwa pia vipande vya yadi 2, yaani karibu sentimita 183 za urefu, na kipande hicho ndicho wateja wangu wanachoita kitenge kimoja. Vingi ninavyopokea vina upana wa kama sentimita 116. Ukitaka gauni litoke ndani ya yadi 2, mbele na nyuma lazima vikae ubavu kwa ubavu kwenye upana huo. Kwa mama yule, nusu ya 112 ni 56. Naongeza 2 za kupumulia na 4 za mshono wa pande mbili, napata 62. Mbele na nyuma pamoja ni 124, na kitenge kina 116 tu. Basi inabidi nikate mbele kwanza, halafu nyuma chini yake. Gauni lake lilihitaji sentimita 115 za urefu pamoja na pindo, kwa hiyo mara mbili ni 230, na yeye amebeba 183. Alirudi sokoni akakuta maua yale yamekwisha. Tulimwekea vipande vya kitambaa cheusi ubavuni, akakubali, lakini sicho alichokuja kutafuta, nami nilisikia vibaya.

Kwa mwenye makalio ya 102, hesabu ile ile inatoa 57 kwa 57, yaani 114, na inaingia. Kwa hiyo jibu la kweli lina mpaka, na mpaka wenyewe ni namba ambayo mteja anaweza kujipima nyumbani kabla hajanunua. Nilimwita kijana, tukaliandika upya:

"Kinatosha ikiwa makalio yako hayapiti sentimita 102 na gauni linaishia magotini. Ukipita hapo, nunua vitenge viwili. Kama maua yote yanaangalia upande mmoja, kwa mfano ndege au maandishi, tutumie picha kwanza."

Sentensi ya mwisho niliidai mimi. Maua yanayoangalia upande mmoja hayaniruhusu kugeuza kipande juu chini ili kubana nafasi, na vitenge vya 8 Machi mara nyingi vina maandishi.

Hata hivyo halikukaa sawa mara moja. Mwanzoni tuliandika "pima kiuno". Mteja mmoja akatuma 84, nilipompima mwenyewe nikapata 110. Hakudanganya. Alipima pale anapofungia kitenge chake, kwa kuwa hapo ndipo yeye anapoita kiuno. Tukabadilisha: "Zungusha kamba pale makalio yanapotokeza zaidi, ukiwa umevaa nguo nyepesi, kisha pima kamba kwa rula." Tangu hapo namba wanazotuma zinatofautiana na zangu kwa sentimita mbili tatu, basi.

Swali la "iko tayari?" halijibiki kwa maandishi ya kudumu, maana kila mtu ana nguo yake. Tulichoweza ni kuandika kanuni: siku imeandikwa kwenye karatasi uliyopewa ulipolipa avansi, na jioni ya kuamkia siku hiyo tunakutumia ujumbe, usipouona, usipande basi. Inafanya kazi ikiwa tu mimi natuma ujumbe kweli. Jioni mbili sikutuma, na asubuhi yake maswali yakarudi kama zamani.

Kuhusu bei, neno "kuanzia" lilileta ugomvi, kwa sababu watu walisoma namba wakaacha neno. Sasa tumeweka mifano miwili yenye bei kamili, gauni bila kitambaa cha ndani na gauni lenye nacho, na tumesema wazi kama zipu imo au haimo.

Majibu nimeyahifadhi ndani ya WhatsApp Business kama majibu ya haraka. Naandika `/kitenge`, jibu zima linatokea, nalituma hata nikiwa na sindano mdomoni. Programu inaruhusu majibu 50, mimi ninayo 9 na sioni haja ya zaidi. Wanaonitumia sauti badala ya maandishi, na ni wengi, siwatumii maandishi. Msichana wangu anawasomea lile lile jibu kwa sauti, na ndiyo maana tumelikata liwe fupi.

Kwa kazi ya kijana, natoa nyota nne kati ya tano. Anasikiliza, anahesabu kabla ya kuandika, na alirudi kurekebisha mara mbili bila kudai pesa. Nyota moja nimeizuia kwa sababu aliandika jibu la kitambaa bila kuniuliza linategemea nini. Ukimchukua yeye au mwingine, kaa naye kwenye meza ya kukatia, tandika kitenge, mwonyeshe gauni linavyolala juu yake. Mwezi wa Agosti namwita tena kwa sare za shule, na safari hii tutaanzia mezani, na swali la mtoto anayekua: pindo la sketi niliache sentimita ngapi ili litoshe mpaka mwaka wa pili?